Bando lisilo na kikomo, na kasi inayobaki baada ya tarehe 17

*Nina steshenari Uyole, Mbeya, na nyumba yetu iko nyuma ya duka. Nililipia intaneti ya ruta ya mwezi, "bila kikomo, hadi 20 Mbps". Tarehe 17 jioni ikaja meseji: nimefikia kiwango cha matumizi ya haki cha GB 150, kasi inashuka hadi 1 Mbps mpaka mwezi uishe. Tangu siku hiyo fomu za wateja zinazunguka tu hadi zinakata. Dukani kuna kompyuta mbili, nyumbani watoto wana runinga janja. Kama haina kikomo, nimefikia kikomo gani? Na hiyo 1 Mbps mbona inafanya kazi kama haipo?*

Dada, ulichonunua ni vitu viwili vilivyouzwa kwa jina moja. Cha kwanza ni GB 150 za kasi kubwa. Cha pili ni laini ya polepole, ya 1 Mbps, inayoanza pale GB hizo zinapoisha na kuendelea mpaka siku ya 30. Hicho cha pili ndicho kampuni inachokiita "bila kikomo", maana hakuna GB itakayokukatia mawasiliano wala kukudai salio la ziada. Kikomo hakikuwekwa kwenye kiasi cha data. Kiliwekwa kwenye kasi, na namba yake iliandikwa mbali na tangazo.

Tuanze na hizo GB 150, kwa sababu wengi huziona nyingi kuliko zilivyo. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps, lakini ukubwa wa faili na wa bando hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya 20 Mbps ikikimbia kwa ukamilifu wake inapitisha megabaiti mbili na nusu kila sekunde. Ukigawa GB 150 kwa kiasi hicho unapata sekunde 60,000, yaani saa 16 na dakika 40. Kama ruta yako ingeshusha data kwa kasi yote iliyotangazwa bila kupumzika, bando la mwezi mzima lingekwisha kabla siku moja haijatimia. Hakuna anayetumia hivyo, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba kasi waliyokutangazia na kiasi walichokupa havikupangwa vidumu pamoja siku 30. Ili GB 150 zifike mwisho wa mwezi, ulitakiwa kutumia GB 5 kwa siku. Wewe ulizimaliza kwa siku 17, wastani wa GB 8.8 kwa siku.

Sasa nani anahesabu, na anahesabu wapi? Si ruta yako, na si mnara unaouona kutoka dukani. Data zote za laini yako, hata ungehamia Mwanjelwa au Tukuyu, hupita kwenye lango moja ndani ya mtandao wa kampuni kabla ya kutoka kwenda intaneti. Lango hilo lina kaunta ya laini yako na lina masharti ya bando ulilonunua. Kaunta ikigusa GB 150, mfumo hubadilisha sharti moja: kuanzia hapo, pakiti zako, yaani vipande vidogo ambavyo data husafirishwa navyo, zinaruhusiwa kupita kwa 1 Mbps tu. Zinazozidi zinawekwa foleni, na foleni ikijaa zinatupwa. Ni kama malori ya barabara ya Tunduma yanapokuta kizuizi kinachopitisha gari moja moja. Haijalishi lori lilitoka mbio kiasi gani Makambako.

Hii ndiyo sababu ruta yako bado inaonyesha mtandao umejaa vizuri. Kati yako na mnara hakuna kilichoharibika. Kuihamishia ruta dirishani, kuizima na kuiwasha, au kununua antena ya juu ya paa hakutakusaidia kitu, na naomba usitumie hela yako huko. VPN nayo haisaidii, kwa kuwa lango linahesabu kila baiti ya laini yako bila kujali imefichwa au haijafichwa.

Nije kwenye swali lako la pili. Kwa maandishi, 1 Mbps si kitu kidogo. Kimahesabu inapitisha GB 10.8 kwa siku ikifanya kazi usiku na mchana. Linganisha na GB 8.8 ulizokuwa ukitumia kila siku kabla ya meseji. Yaani laini yako ya sasa ina uwezo wa kubeba matumizi yako yote ya zamani, na bado ingebaki nafasi. Kwa nini basi duka limesimama?

Kwa sababu ninyi hamtumii data usiku na mchana kwa mtiririko mmoja. Mnaitumia kwa mafungu, na wote kwa wakati mmoja. Mteja akileta vyeti vilivyoskaniwa vya megabaiti 2 ili viambatishwe kwenye maombi ya mkopo, kwa 1 Mbps faili hilo linahitaji sekunde 16 likiwa peke yake kwenye laini. Kwa 20 Mbps lilikuwa linahitaji chini ya sekunde moja. Sekunde 16 zinavumilika. Ila laini haiko peke yake. Kompyuta ya pili inafungua ukurasa wa ajira, simu ya kijana wako wa dukani inasasisha programu, na nyuma ya ukuta watoto wamewasha katuni. Mwongozo wa YouTube wenyewe unasema video ya 480p inataka takriban 1.1 Mbps. Katuni moja ya ubora wa chini, si wa juu, inazidi laini nzima ya duka.

Na hapo ndipo linaingia jambo ambalo namba ya kasi haikuambii. Pakiti zinapokaa foleni langoni, kila ombi dogo linasubiri nyuma ya video. Kufungua fomu moja si ombi moja. Ni makumi ya maombi: herufi, picha, alama, hati ya kuingilia, uthibitisho wa usalama. Kila moja linasubiri zamu yake. Pakiti zinapotupwa, kompyuta inazituma upya na wakati huohuo inapunguza mwendo wake ikidhani njia imejaa. Tovuti ya maombi nayo ina muda wake wa kusubiri, na ukipita inamtoa mteja nje. Ndiyo maana unaona "inazunguka hadi inakata". Kilichokuua hapo ni ucheleweshaji zaidi kuliko ufinyu.

Unaweza kuliona hilo kwa macho. Kwenye kompyuta ya dukani fungua dirisha la amri uandike:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Kila mstari utaonyesha muda wa kwenda na kurudi, umeandikwa `time=`, kwa milisekunde. Kwanza tenganisha vifaa vingine vyote kwenye waifai uangalie namba. Kwa mtandao wa 4G wenye afya huwa ni makumi ya milisekunde, pengine mia na kitu. Kisha mwambie mtoto awashe video. Kama namba zinapanda hadi mia nyingi au elfu na zaidi, na mara unaona `Request timed out`, umeiona foleni ya langoni ikijengeka. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C kusimamisha.

Kabla hujalaumu kiwango cha haki kwa kila kitu, hakikisha ndicho chenye kosa, maana mnara uliojaa watu hutoa maumivu yanayofanana sana. Uyole ni njia panda, kuna vyuo, na jioni kila mtu yuko mtandaoni. Tofauti inaonekana kwenye saa. Pima kasi alfajiri, saa saba mchana, na saa mbili usiku, kifaa kimoja tu kikiwa kimeunganishwa. Mnara uliojaa utakupa namba zinazoyumba: pengine 14 alfajiri, 6 mchana, na chini ya 1 usiku. Laini iliyobanwa kwa kiwango cha haki haijui alfajiri wala usiku. Itakupa karibu 1 kila mara. Mara nyingine mchoro wa kipimo hupanda juu kwa sekunde chache za mwanzo halafu unashuka na kunyooka. Usidanganyike na mwanzo huo. Mifumo mingi ya kubana huachia fungu dogo la kwanza lipite haraka kabla ya kukaza, kwa hiyo soma pale mstari uliponyooka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha laini mbili. Chukua laini nyingine ya kampuni hiyohiyo yenye bando dogo la kawaida, iweke kwenye simu ya 4G, simama pale ilipo ruta, upime zote mbili ndani ya dakika chache. Mnara ni uleule, saa ni ileile. Ikiwa ya simu inapata 15 na ya ruta inapata 1, tatizo liko kwenye masharti ya bando. Zikiwa zote zinajikokota, tatizo liko mnarani, na hilo ni lalamiko la aina nyingine.

Kuna pia mabando ambayo, ukivuka kiwango, hayakuwekei ukomo wa namba. Yanakusogeza nyuma ya foleni ya mnara: kukiwa na nafasi unakimbia kama kawaida, kukiwa na msongamano wengine wanatangulia. Huo kwa maoni yangu ndio utaratibu unaostahili kuitwa wa haki. Mnara mmoja wa 4G unagawana masafa yake kwa watu wote waliomo eneo lake. Hata kwa hesabu ya juu kabisa ya maabara, sekta moja yenye upana wa megahezi 20 na antena mbili hufikia 150 Mbps, na mtaani hupungua sana. Watu wanane tu wa 20 Mbps wanaimaliza. Naelewa kabisa kwa nini kampuni inahitaji breki. Nisichokielewa ni breki inayokaza saa tisa usiku, mnara ukiwa mtupu, wakati hakuna mtu anayeumizwa na matumizi yako.

Hoja hiyo ilifika mahakamani huko Marekani. Mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliishitaki kampuni ya simu ya AT&T kwamba iliwauzia watu data bila kikomo huku ikiwapunguzia kasi waliovuka kiwango, wengine baada ya GB 2 tu kwa mwezi. Tume ilieleza kuwa wateja zaidi ya milioni 3.5 waliguswa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60. Lakini angalia makubaliano yalisema nini: hayakupiga marufuku kupunguza kasi. Yaliitaka kampuni isitangaze data bila kikomo bila kueleza vizuizi vyake waziwazi, mahali mteja anapoona, si kwenye maandishi madogo. Nakutajia kesi hiyo ili ujue ni wapi nguvu ya lalamiko lako ilipo. Kubishana kwamba hawana ruhusa ya kupunguza kasi kutakuchosha. Kuuliza ni wapi walikuonyesha GB 150 na 1 Mbps kabla hujalipa ni swali wanalopaswa kulijibu.

Turudi nyumbani kwako, kwa sababu GB 8.8 kwa siku hazikuliwa na fomu. Steshenari ya kompyuta mbili, hata yenye wateja wengi, inahangaika kufikisha GB 2 kwa siku kwa fomu, barua pepe na kuchapisha. Mtuhumiwa wangu ni runinga. Video ya 1080p inataka takriban 5 Mbps, na kwa saa moja hiyo ni karibu GB 2.25 kwa makadirio ya juu. Watoto wakiangalia kwa muda wa saa tatu kila jioni, ni GB 6.75. Ukijumlisha na GB 2 za duka unapata 8.75, ambayo ni karibu kabisa na wastani wako. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo nyumbani kwenu, ila unaweza kuthibitisha: ingia ukurasa wa ruta, anwani imebandikwa chini yake, mara nyingi ni `192.168.8.1` au `192.168.0.1`, utafute `Statistics`. Soma namba kabla watoto hawajawasha, usome tena wakizima.

Runinga janja ina tabia ambayo simu haina: hujichagulia ubora wa juu kadiri laini inavyoruhusu. Mlipokuwa na 20 Mbps iliona njia nyeupe ikapanda hadi 1080p, na katuni za mtoto wa miaka sita hazina haja hiyo. Kwenye programu ya YouTube, wakati video inacheza, ingia kwenye mipangilio ya ubora uchague 480p. Kwa 1.1 Mbps, saa moja ni nusu ya GB, saa tatu ni GB 1.5. Siku yako inashuka kutoka 8.75 hadi GB 3.5, na siku 30 zinakuwa GB 105. Unavuka mwezi bila kuigusa 150, ukiwa na akiba ya zaidi ya GB 40. Badiliko moja, na watoto hawatagundua. Angalia tu kwamba baadhi ya runinga husahau chaguo hilo video ikibadilika. Ikiwa yako ni hivyo, ingia kwenye ruta uiwekee runinga kikomo cha 1.5 Mbps, kama ruta ina uwezo huo, nayo itashuka yenyewe.

Kwa hizi siku 13 zilizobaki, kazi yako ni kuilinda 1 Mbps iwe ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kuanzia asubuhi hadi unapofunga duka, runinga na simu za nyumbani zitoke kwenye waifai. Badilisha nywila ikibidi, maana simu za wateja waliowahi kupewa nywila bado zinajiunga zenyewe kila wanapopita. Kwenye kompyuta za Windows, fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia uwashe `Metered connection`, ili masasisho makubwa yasijipakue katikati ya fomu ya mtu. Skani vyeti kwa ubora wa dpi 150 au 200 badala ya 600. Faili la megabaiti 2 linaweza kushuka chini ya nusu na bado likasomeka vizuri. Mizigo mizito, kama masasisho ya Windows au faili kubwa la mteja, ipakue usiku. Laini ya 1 Mbps inamaliza GB 1 kwa saa mbili na dakika 13, kwa hiyo ukianza saa nne usiku, hadi saa kumi na mbili asubuhi una nafasi ya zaidi ya GB 3.

Usikimbilie kununua bando la pili juu ya hili kabla hujauliza. Kwa baadhi ya mabando, ukinunua jipya kaunta inaanza upya papo hapo. Kwa mengine, jipya linasubiri la kwanza liishe, na utakuwa umelipia foleni ya siku 13. Waulize huduma kwa wateja hilo moja, kwa meseji au barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Mwezi ujao, kabla ya kulipa, waulize kiwango ni GB ngapi. Kasi baada ya hapo ni ngapi kwa namba, si "itapungua". Inapunguzwa saa zote au mnara ukijaa tu. Na kaunta inaanza upya tarehe ya malipo au tarehe moja ya mwezi. Kati ya hayo, la kasi baada ya kiwango ndilo la kwanza kwangu. Bando la GB 100 linaloshuka hadi 3 Mbps litakufaa dukani kuliko la GB 150 linaloshuka hadi 128 kbps, kwa sababu kwa 128 kbps cheti kile cha megabaiti 2 kinachukua zaidi ya dakika mbili kikiwa peke yake, na hapo tovuti nyingi zitakuwa zimeshamtoa mteja wako nje.

Kama unaamini hukuonyeshwa masharti kabla ya kulipa, tunza meseji ya tarehe 17, picha ya tangazo ulilolisoma, na picha za vipimo vya alfajiri, mchana na usiku. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, na usikate simu bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wasipokujibu, au wakikujibu usiridhike, ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapohapo Mbeya, na kitu cha kwanza watakachokuomba ni ile namba.